Shamba la Ekari Mbili Linalosoma Sifuri

Shamba lina pembe nne. Upande mrefu una mita 120 na upande mfupi mita 80, kwa hiyo mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi atazidisha na kupata mita za mraba 9,600, yaani ekari mbili na ushee. Kanzidata ya ramani ikiulizwa ukubwa wa shamba hilohilo inajibu sifuri. Haikutoa onyo lolote wakati shamba linaingizwa, na haitoi onyo sasa.

Kilichotokea ni kidogo mno. Pembe hizo, tuziite A, B, C na D, ziliwekewa alama kwa kuzunguka shamba: kona ya kusini magharibi, kusini mashariki, kaskazini mashariki, kisha kaskazini magharibi. Zilipokuwa zinanakiliwa kutoka kwenye fomu, mistari miwili ya mwisho ikabadilishana nafasi. Badala ya A, B, C, D, kompyuta ikapewa A, B, D, C. Nukta ni zilezile na kila moja ina koodineti sahihi hadi sentimita, lakini mstari wa mpaka sasa unatoka B hadi D kwa kukatiza katikati ya shamba, unapita juu hadi C, kisha unarudi A kwa kukatiza tena. Umbo linalopatikana ni pembetatu mbili zilizogusana ncha, mfano wa tai ya kipepeo inayovaliwa na bwana harusi.

Shamba hili ni la kubuni, na koodineti zake zimefupishwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Mazingira yake si ya kubuni. Mkoani Iringa, kuanzia mwaka 2014, vijana wa vijijini walifundishwa kupima mashamba kwa simu za mkononi ili wenye mashamba wapate hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Popote mipaka inapokusanywa kwa wingi namna hiyo, iwe kwa simu, kwa GPS ya mkononi au kwa kuchora juu ya picha ya setilaiti, maumbo machache yatakuwa na mpaka unaojikata. Kwenye skrini, kati ya mashamba mengi yaliyobanana, shamba la namna hiyo halionekani kirahisi. Hujitokeza siku linapopandanishwa na ramani nyingine.

Chukua upandanishaji mmoja ambao Tanzania una sababu ya kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ofisi inayotaka kujua kila shamba limeingia kiasi gani katika ukanda huo huchora ukanda wa mita 60 kando ya mto, kisha huiambia PostGIS itoe kipande kinachopatikana katika shamba na katika ukanda kwa pamoja. Amri ya kazi hiyo ni `ST_Intersection`. Mashamba yanapita moja moja, halafu kazi yote inasimama, na kwenye skrini yanabaki maneno `TopologyException: side location conflict`.

Maneno hayo yanatisha kuliko yanavyostahili. Mtu anayetembea mpakani kinyume cha mwendo wa saa huwa na shamba mkono wake wa kushoto mwanzo hadi mwisho, na hivyo ndivyo kompyuta inavyojua upande upi ni ndani na upi ni nje. Atoke A aende B: shamba liko kushoto. Aelekee D, na akifika katikati avuke mahali ambapo mstari wa CA unapita. Kuanzia hapo pembetatu ya juu iko kulia kwake, na haijahamia popote. Ni mpaka uliopinda. Programu inayojaribu kuunganisha vipande vya shamba na vya ukanda inakuta mstari mmoja ambao nusu yake inadai ndani ni kushoto na nusu nyingine inadai ndani ni kulia. Ina haki ya kusimama.

Sifuri nayo inatokana na jambo hilohilo. Kompyuta haihesabu eneo kwa kulitazama umbo. Inapita pembe hadi pembe ikijumlisha mazao ya koodineti. Sehemu inayozungukwa kinyume cha saa huhesabiwa chanya na inayozungukwa kisaa huhesabiwa hasi. Pembetatu ya chini ina mita za mraba 2,400 chanya, ya juu 2,400 hasi, na zikijumlishwa zinafutana. Yeyote mwenye PostGIS anaweza kujionea:

```sql
SELECT ST_IsValidReason(g), ST_Area(g)
FROM (SELECT
 'POLYGON((0 0,120 0,0 80,120 80,0 0))'::geometry
 AS g) t;
```

Jibu linakuja na vitu viwili: `Self-intersection[60 40]`, yaani mpaka umejikata kwenye nukta ya 60 na 40, na `0`. Kama vipande viwili vya umbo visingelingana, eneo lisingekuwa sifuri bali tofauti kati yao, tarakimu ambayo inaonekana ya kawaida kabisa na ambayo hakuna mtu angeitilia shaka. Katika orodha ndefu ya mashamba, hiyo ndiyo ya kuogopwa. Sifuri angalau inapiga kelele.

Msomaji atauliza kwa nini PostGIS ilikubali shamba kama hilo liingie. PostGIS ni nyongeza ya kanzidata ya PostgreSQL inayoiwezesha kuhifadhi na kuhesabu maumbo ya ramani, na ilianzia mwaka 2001 katika kampuni ya Refractions Research ya Victoria, Kanada. Hesabu zenyewe za kukata na kuunganisha maumbo inazikabidhi kwa maktaba iitwayo GEOS, ambayo ni tafsiri ya C++ ya kazi ya Martin Davis iliyoandikwa kwanza kwa Java kwa jina la JTS. Kanuni za umbo halali zimewekwa na shirika la viwango la OGC: pete ya mpaka isijikate, tundu liwe ndani ya pete ya nje, vipande vya umbo lenye sehemu nyingi visipandane. Lakini kukagua kanuni hizo kwa kila umbo linaloingia kunakula muda wa kompyuta, hasa kwa maumbo yenye maelfu ya nukta. Waundaji wakaamua kwamba data iingie kwanza, na ukaguzi ufanywe na mwenye data anapotaka.

Ukaguzi huo ni amri moja. `ST_IsValid` inajibu ndiyo au hapana. `ST_IsValidDetail` inatoa pia sababu na mahali penye kosa. Kwa mtu anayetaka kwenda kuangalia, mahali ndipo penye faida zaidi:

```sql
SELECT id, reason(d) AS sababu,
       ST_AsText(location(d)) AS mahali
FROM (SELECT id, ST_IsValidDetail(geom) AS d
      FROM mashamba) t
WHERE NOT valid(d);
```

Jambo moja la kukumbuka kuhusu orodha inayotoka: kila shamba linaonyeshwa kosa moja tu, lile la kwanza kukutwa. Shamba lenye mikato mitano litaonyesha mmoja. Ndiyo maana anayerekebisha kwa mkono hurudia ukaguzi baada ya kila marekebisho, na mara nyingine hukuta shamba alilodhani amelimaliza limerudi kwenye orodha likiwa na nukta nyingine.

Kuna pia kosa ambalo huandikwa `Ring Self-intersection`. Hapo mpaka haukukatana, umejigusa tu katika nukta moja, kama vile mtu alipochora shamba lenye bwawa akaunganisha bwawa na mpaka wa nje kwa nukta badala ya kulichora kama tundu. Umbo hilo linakubalika katika programu za Esri lakini OGC inalikataa, na ndiyo sababu data iliyotoka ofisi moja ikiwa safi huonekana chafu katika ofisi nyingine. Kurekebisha kosa hili hakubadilishi eneo hata kidogo, kwa hiyo halihitaji mjadala.

Mjadala uko kwenye tai ya kipepeo.

Dawa ya zamani, ambayo bado inanong'onezwa kati ya mafundi wa ramani, ni `ST_Buffer(geom, 0)`. Amri hii kwa kawaida hupanua umbo kwa umbali fulani. Ukiiambia ipanue kwa sifuri, inalazimika kujenga mpaka upya, na mpaka unaotoka ni halali. Mara nyingi inafaa. Lakini ujenzi huo huchagua mwelekeo mmoja wa kuzunguka na kuona sehemu iliyozungukwa kinyume chake kuwa ni nje. Kwa shamba letu inabakiza pembetatu moja na kuitupa nyingine. Mita za mraba 9,600 zimekuwa 2,400, umbo ni halali, na hakuna ujumbe wowote uliotolewa.

Dawa ya pili ni `ST_MakeValid`, iliyoingia PostGIS 2.0 mwaka 2012 na kuandikwa na Sandro Santilli kwa nia ya kutopoteza nukta yoyote iliyokuwepo. Inaikata mistari yote mahali inapokutana, hapa kwenye 60 na 40, kisha inajenga maeneo kutokana na vipande. Shamba letu linatoka likiwa pembetatu mbili, jumla mita za mraba 4,800. Hii ni afadhali ya 2,400, na bado ni nusu ya shamba.

Sasa turudi mtoni. Tuseme mto unapita kusini ya shamba, sambamba na upande wa AB, na ukingo wake uko mita 40 kutoka mpakani. Ukanda wa mita 60 unaingia shambani mita 20. Katika shamba halisi kipande kilichoingia ni mita 120 kwa 20, yaani mita za mraba 2,400, robo ya shamba. Katika pembetatu mbili za `ST_MakeValid`, ukanda unakata sehemu ya chini ya pembetatu ya kusini, ambayo upana wake unapungua kutoka mita 120 hadi 60: mita za mraba 1,800. Ukigawa kwa 4,800, shamba linasomeka kuwa limeingia ukandani kwa asilimia 37.5. Na kwa njia ya kupanua kwa sifuri, jibu linategemea pembetatu ipi ilibaki. Ikibaki ya chini, mwenye shamba ataambiwa robo tatu ya shamba lake imezuiwa. Ikibaki ya juu, ataambiwa hana tatizo lolote.

Hakuna hata moja kati ya majibu hayo lililoambatana na kosa kwenye skrini. Kazi ilikwenda hadi mwisho, jedwali likajaa, ripoti ikachapishwa. Neno "halali" katika PostGIS lina maana finyu sana: umbo linafuata kanuni za kuchorwa. Halisemi kama ndilo shamba la mtu.

Dawa ya kweli ya shamba hili ni kurudisha pembe katika mpangilio wake. Kama bikoni zimehifadhiwa katika jedwali lao zikiwa na namba za mpangilio wa kutembelewa, umbo linajengwa upya toka mwanzo:

```sql
SELECT ST_MakePolygon(ST_AddPoint(l, ST_StartPoint(l)))
FROM (SELECT ST_MakeLine(nukta ORDER BY namba) AS l
      FROM bikoni WHERE shamba = 14) t;
```

Mita za mraba 9,600 zimerudi. Pale ambapo namba hazikuhifadhiwa na shamba lina pembe nne tu, wengine hutumia `ST_ConvexHull`, inayofunga nukta zote kwa mpaka usio na pembe ya kuingia ndani. Kwa mstatili wetu inatoa jibu lilelile. Kwa shamba lenye umbo la herufi L, inameza ardhi ya jirani iliyo kwenye kona, na hapo fundi wa ramani amegawa ardhi bila kukusudia. Njia hii ibaki kwa mashamba ambayo mtu amejua kwa macho yake kwamba hayana kona ya ndani.

Basi `ST_MakeValid` ina kazi gani? Ina kazi kubwa, kwa sababu makosa mengi ya kujikata si ya pembe zilizopinduliwa. Mengi ni mafundo madogo. Mtu anazunguka shamba akiwa na GPS, anarudi alikoanzia, anapitiliza hatua chache kabla ya kubonyeza kitufe cha kumaliza. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa, kwa hiyo mwisho wa njia yake unakatiza mwanzo wake na kuacha kijipembetatu cha mita za mraba mbili au tatu. Mchoraji anayefuata mpaka kwa panya ya kompyuta hufanya hivyohivyo mkono unapotetemeka. Hapa shamba lenyewe liko sawa, na kinachotakiwa ni kulifungua fundo bila kuugusa mpaka uliobaki. Programu inaliweza hilo vizuri kuliko mtu.

Swali linalobaki ni namna ya kutofautisha fundo na tai. Kipimo kizuri ni eneo, lakini si eneo la umbo bovu, kwa kuwa tumeona linavyodanganya. Kipimo ni eneo lililoandikwa kwenye fomu au rejista siku ya upimaji. Shamba ambalo baada ya kurekebishwa linapishana na rejista kwa asilimia moja au mbili lilikuwa na fundo. Shamba letu linasoma 4,800 pale rejista inaposema 9,600, na tofauti kama hiyo inampeleka mtu kwenye fomu ya asili kabla ya jambo lingine lolote. Pasipo rejista, ulinganisho unaweza kufanywa na mzunguko wa mpaka au na picha ya setilaiti, ingawa kazi inakuwa ndefu zaidi.

Kuna umbo la tatu ambalo limewasumbua wengi, nalo ni la mkulima mwenye vipande viwili vilivyosajiliwa kama shamba moja. Kila kipande kilipimwa siku yake, na vikawekwa pamoja vikiwa vinapandana kidogo. Tuchukue miraba miwili ya mita 100 kwa 100, wa pili ukiwa umesogezwa mita 80 mashariki na mita 20 kaskazini. Vimepandana katika eneo la mita 20 kwa 80, yaani mita za mraba 1,600. `ST_Area` inajumlisha vyote na kutoa 20,000, ikiwa imehesabu sehemu iliyopandana mara mbili. Ardhi iliyofunikwa kweli ni 18,400.

`ST_MakeValid` ya kawaida inatoa 16,800.

Haikukosea hesabu, ilifuata njia yake. Njia hiyo ya asili, iitwayo `linework`, inatazama mistari peke yake, na haiulizi mstari ulitoka katika kipande kipi. Eneo la nje kabisa inalichukua kuwa shamba, na mistari inayobaki ndani inaichukua kuwa mpaka wa tundu. Mahali ambapo mkulima alipapima mara mbili pamegeuka kuwa mahali asipomiliki. Kwa tundu lililochorwa kimakosa kama kipande cha pili, kanuni hii ingekuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana haikuondolewa.

PostGIS 3.2, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2021, ilileta njia ya pili inayohitaji GEOS 3.10 au ya baadaye. Inaitwa `structure`, na inatofautisha pete za nje na za matundu: pete za nje zinaunganishwa zote kwanza, kisha matundu yanatolewa. Kwa mkulima wetu inarudisha 18,400. Kwa data za mashamba, majengo na mipaka ya mitaa, ambako mtu anayechora pete ya nje alikusudia kusema "hapa ni ndani", njia hii ya pili ndiyo inayofaa kuanza nayo. Lakini haiji yenyewe, lazima iandikwe.

```sql
ALTER TABLE mashamba
  ADD COLUMN geom_safi geometry(MultiPolygon, 32736);

UPDATE mashamba SET geom_safi =
  ST_Multi(ST_CollectionExtract(
    ST_MakeValid(ST_Transform(geom, 32736),
                 'method=structure'), 3));
```

Amri hii fupi ina maamuzi kadhaa ndani yake. La kwanza ni safuwima mpya. Umbo la asili halifutwi, kwa sababu hilo ndilo ushahidi wa kilichopimwa, na bila hilo hakuna wa kujua baadaye kwamba shamba namba 14 liliwahi kuwa tai ya kipepeo.

La pili ni kugeuza koodineti kabla ya kurekebisha. Simu inatoa latitudo na longitudo kwa digrii. Eneo la mita za mraba linahitaji mfumo wa mita, na kwa Iringa mfumo huo ni UTM kanda ya 36 Kusini, wenye namba 32736. Ugeuzaji unahesabu upya kila nukta na kuikadiria kwenye tarakimu ya mwisho ambayo kompyuta inaweza kuishika. Mistari miwili iliyokuwa imekaribiana sana bila kukatana inaweza kukatana baada ya hapo. Anayerekebisha kwanza na kugeuza baadaye anaweza kufika kwenye upandanishaji akiwa na makosa mapya, huku akiapa kwamba alishakagua. Hivyohivyo kwa anayepunguza nukta ili ramani iwe nyepesi, au anayesafirisha data kwa faili linalokata desimali.

Maneno ya nje yana sababu nyingine. Umbo lililokuwa poligoni moja likirekebishwa linaweza kutoka vipande viwili, na pale ambapo mpaka ulikwenda ukarudi juu ya njia ileile kama mwiba, njia ya `linework` huuacha mwiba huo kama mstari pembeni ya poligoni, vyote vikiwa ndani ya mkusanyiko mmoja. Safuwima iliyotengenezwa kwa poligoni tu itakataa: `Geometry type (MultiPolygon) does not match column type (Polygon)`. `ST_CollectionExtract` yenye namba 3 inabakiza maeneo peke yake, na `ST_Multi` inayapa yote aina moja, hata yale yenye kipande kimoja.

Vijipembetatu vya mafundo bado vipo, sasa vikiwa vipande halali vya shamba. Havizuii upandanishaji, ila vikipandanishwa na ukanda wa mto vinazaa makombo mengine, na jedwali la matokeo linajaa maeneo ya nusu mita ya mraba. Dawa ni kuvitenganisha kwa `ST_Dump` na kuacha nje vilivyo chini ya kiwango fulani. Kiwango hicho hakitoki kwenye kitabu cha PostGIS, bali kwenye kifaa kilichopima: ambapo GPS ilikosea mita tatu au nne, kipande cha mita tano za mraba hakina maana yoyote shambani.

Baada ya hapo safuwima mpya inawekewa mlinzi, ili umbo bovu lisirudi kwa mlango wa nyuma:

```sql
ALTER TABLE mashamba ADD CONSTRAINT umbo_halali
  CHECK (ST_IsValid(geom_safi));
```

Kuanzia sasa anayejaribu kuingiza mpaka unaojikata katika safuwima hiyo anakataliwa papo hapo, wakati fomu ingali mezani na aliyepima bado anakumbuka alianzia kona gani.

Kuna kitu kimoja ambacho mlinzi huyu hakioni. Anakagua shamba moja moja. Mashamba mawili ya majirani yanaweza kuwa halali kila moja peke yake, huku mipaka yao ikiingiliana kwa ukanda wa mita tatu kwa sababu yalipimwa na watu wawili kwa siku mbili. Yote mawili yatapita, upandanishaji utakwenda bila kosa, na ukanda ule utahesabiwa kwa majirani wote wawili. `ST_MakeValid` haina la kufanya hapo, kwa kuwa hakuna umbo bovu. Toleo la PostGIS 3.4 lilileta `ST_CoverageInvalidEdges`, inayotazama mashamba yote pamoja na kuonyesha vipande vya mpaka ambavyo majirani hawakukubaliana. Inavionyesha tu. Mpaka sahihi uko kati ya majirani wenyewe, mbele ya halmashauri ya kijiji, na orodha inayotoka kwenye amri hiyo ndiyo inayosema ni majirani gani wa kuitwa.